Mwanga wa alasiri mbele ya duka: kutaja hali au kutaja jua

Anayeiagiza programu ya akili bandia ichore sura ya duka ana njia mbili za kueleza mwanga. Ya kwanza hutaja hali tu: «Duka lenye kibao kilichopakwa rangi, turubai la kivuli na bidhaa dirishani, mwanga wa dhahabu wa alasiri.» Ni fupi, na rangi hutoka vizuri, lakini mara nyingi picha nzima hupakwa umanjano huku vivuli vikielekea pande zisizopatana.

Ya pili hutaja jua lenyewe: «Jua liko chini, mbele ya duka, nyuma ya mpiga picha, kivuli cha turubai kinafunika ukanda mwembamba wa juu wa dirisha, na mwanga unafika kwenye rafu za chini.» Maelezo haya yana hesabu nyuma yake. Jua likiwa nyuzi 20 juu ya upeo wa macho na likilielekea duka moja kwa moja, turubai linalotokeza mita 1 hushusha kivuli sentimita 36 hivi chini ya ukingo wake; kwenye nyuzi 45, kivuli hicho hufika mita nzima na kumeza bidhaa.

Kwa mchoro wa kumwonyesha mteja, mimi huchagua ya pili, ingawa programu haipimi nyuzi na huenda ikahitaji kurudiwa. Maandishi ya kibao, kwa njia yoyote, yawe mafupi na ndani ya alama za kunukuu, kisha yakaguliwe herufi kwa herufi.