Tahadhari: flashi za "2TB" za bei ya kutupa zinapoteza mafaili yenu

Ndugu zangu, kuna flashi zinauzwa Kariakoo, nyingine zinatembezwa mkononi barabarani, zimeandikwa 1TB au 2TB na bei yake ni 15,000 hadi 20,000. Msinunue. Na kama unayo tayari, usiweke kitu kingine humo mpaka umalize kusoma hapa.

Mdogo wangu anapiga video za harusi. Alinunua moja ya 2TB, akahamishia kazi ya wateja ya takriban GB 26. Kompyuta haikulalamika: mafaili yalikopika hadi mwisho, majina yote yakaonekana, na ukubwa wa kila faili ulikuwa sahihi. Siku ya kuhariri, video za mwanzo zilifunguka vizuri, lakini kuanzia video za ukumbini hakuna iliyofunguka hata moja. Muuzaji akamwambia ni virusi. Si virusi.

Ndani ya flashi kuna chipu ya kumbukumbu, na kuna chipu ndogo inayoiongoza, ambayo ndiyo inayoiambia kompyuta "mimi nina nafasi kiasi hiki". Matapeli huchukua kumbukumbu ya GB 8, halafu hubadilisha programu ya ile chipu kiongozi itaje 2TB. Windows haipimi chochote, inaonyesha tu ilichoambiwa, kwa hiyo kutazama Properties hakukusaidii. Orodha ya majina ya mafaili hukaa mwanzoni mwa flashi, sehemu ambayo kumbukumbu ipo kweli, ndiyo maana majina yanabaki. Data inayozidi GB 8 hupokelewa na kutupwa. Kuna nyingine mbaya zaidi: zikijaa hurudi mwanzo na kuandika juu ya ulichoweka awali, hata ile orodha yenyewe ikavurugika na kompyuta ikaanza kukuomba ufomati. Kufomati hakutibu, kwa sababu chipu itaendelea kudanganya.

Kabla ya kupima, hamisha kwanza kila kinachofunguka. Hili nalisisitiza kwa sababu kipimo kinajaza flashi, na kwenye zile zinazorudi mwanzo kitafuta hata kile kilichosalia. Kisha ifomati ibaki tupu.

Kwenye Windows tumia H2testw, ni ya bure na haihitaji kusakinishwa. Chagua flashi, bonyeza Write + Verify. Inajaza flashi kwa data inayoijua, halafu inaisoma tena kulinganisha. Kwenye Linux kuna F3, ndiyo tuliyotumia sisi. Flashi nyingi za namna hii huandika polepole, na kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde kujaza 2TB ni zaidi ya siku mbili. Hakuna haja ya kusubiri hivyo. Tuliiambia F3 iandike mafaili 30 ya GB moja moja na kuishia hapo (badilisha njia iwe ile ya flashi yako):

```
f3write --end-at=30 /media/juma/FLASHI
f3read /media/juma/FLASHI
```

Katikati ya amri hizo mbili toa flashi kwa utaratibu, ichomoe, uichomeke upya. Usipofanya hivyo kompyuta inaweza kukusomea nakala iliyobaki kwenye RAM yake badala ya kilichomo kwenye flashi, ukadhani ni nzima. Majibu yetu, mistari miwili iliyo muhimu:

```
  Data OK: 7.26 GB
Data LOST: 22.74 GB
```

Hapo ikajulikana: flashi ya "2TB" ni GB 8. Ikilingana na video zilizofunguka, ambazo jumla yake haikufika GB 7. Zile nyingine hazikuwahi kuandikwa popote, kwa hiyo fundi anayekuahidi kuzirudisha kutoka kwenye flashi hiyo anakula hela yako. Zitafute kwenye memori kadi ya kamera kabla haijafutwa.

Kumbuka kwamba kipimo kifupi kinaweza kufichua utapeli, lakini hakithibitishi uzima. Kama GB 30 za kwanza zimesomeka sawa, flashi inaweza kuwa ya GB 32 iliyoandikwa 2TB. Kuiamini kabisa ni lazima uijaze yote. Pia usimlaumu muuzaji kwa flashi ya GB 64 inayoonyesha 59 na pointi kwenye Windows: hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu, si wizi.

Ukiwa dukani na laptopu ya Windows, programu ya ValiDrive inagusa sehemu 576 zilizotawanyika kwenye flashi nzima na mara nyingi inatoa jibu kwa dakika chache. Muuzaji akikukataza kupima, ondoka. Ukishauziwa, dai risiti iliyoandikwa ukubwa wa flashi, piga picha majibu ya kipimo, na uvipeleke pamoja na flashi yenyewe Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia. Maneno "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" hayamhalalishii mtu kukuuzia GB 8 kwa jina la 2TB.