Uzoefu wangu na kikao cha kupanga vipengele vya tovuti kabla ya kuijenga

Nilimlipa mtaalamu wa tovuti kwa kikao cha siku moja, kabla ya ujenzi wowote kuanza, ili anisaidie kuamua ni vipengele gani vingeingia katika toleo la kwanza la tovuti yangu ya kusajili wanafunzi wa huduma ya kwanza. Bajeti ilitosha siku 30 tu za kazi. Kila kipengele tulikiandika kwenye kadi yake pamoja na makadirio ya siku, kisha tukazigawa kadi katika mafungu matatu: lazima, muhimu na baadaye.

Fungu langu la lazima lilifika siku 26. Yeye alishikilia kwamba lisizidi asilimia 60 ya bajeti, yaani siku 18, kwa sababu makadirio hukosewa, na fungu hilo likimeza bajeti yote hapabaki cha kupunguza kazi inapochelewa. Kwa kila kadi aliuliza: kipengele hiki kisipokuwepo, tutaahirisha uzinduzi, au kuna mtu anayeweza kuifanya kazi yake kwa mkono kwa muda?

Nilizitetea sana akaunti za wanafunzi. Badala ya kubishana, aliichambua kadi ile moja ikawa kadi tano: kufungua akaunti, kuthibitisha barua pepe, kuingia, kurejesha nenosiri na kurekebisha taarifa. Jumla ilikuwa siku 5, ilhali mwanafunzi wangu hujaza fomu mara moja tu kisha huja darasani. Nilipoziona zimepangwa mezani, nilizisogeza mwenyewe kwenye fungu la baadaye. Malipo ya mtandaoni, siku 6, yalihamia kwenye muhimu, kwani tungeweza kuhakiki malipo ya benki wenyewe. Zilibaki siku 15, naye akaongeza kadi mbili ambazo sikuwa nimezifikiria, nakala rudufu ya data na idhini ya kutumia taarifa binafsi, tukafika siku 17.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Kadi ya kuhesabu nafasi za darasa tuliiweka kwenye muhimu, kwa kuwa nilisema nitaifunga fomu mwenyewe darasa likijaa. Darasa la watu 12 lilijaa usiku nikiwa nimelala, na asubuhi nilikuta majina 15. Ilinibidi niwapigie simu watu watatu niwaombe radhi. Hatukujiuliza kazi hiyo ya mkono ingefanywa na nani, na saa ngapi. Marekebisho yalichukua nusu siku, ambayo kwa bahati njema ilikuwepo katika zile siku tulizoziacha nje ya fungu la lazima.

Nitamwajiri tena kwa toleo la pili, ila safari hii kila kadi itakayotegemea kazi ya mkono itaandikwa jina la mhusika na saa zake za zamu, na ikikosa jina itarudi kwenye lazima.