Ridi za klarineti, namba 2 na 2½: uzoefu wangu hapa Nairobi

Kwanza namba, maana ndiyo inayomchanganya mwanafunzi dukani. Ile namba iliyopigwa kwenye ridi, kile kipande cha mwanzi kinachotetema ukipuliza, haihusu unene. Ridi za aina moja huchongwa kwa umbo lilelile, kisha hupimwa jinsi ncha inavyokataa kupinda. Mwanzi mkaidi hupewa namba kubwa. Tena kila kampuni ina kipimo chake. Nimetumia Rico za boksi la rangi ya machungwa na Vandoren za boksi la samawati, zote 2½, na ya Vandoren ni ngumu zaidi, huhitaji kuambiwa. Kwa hiyo ukishauriwa ununue mbili na nusu, uliza ya kampuni gani.

Mwalimu alinianzisha na Rico 2. Sauti ilitoka bila kuvutana, na kwa mtu ambaye midomo yake bado inajifunza kushika, hilo ndilo la maana. Baadaye ikaanza kunibana: nikipuliza kwa nguvu, ridi inalala kwenye mdomo wa klarineti na sauti inakatika. Tukapanda hadi 2½. Namba ikiwa juu mno dalili ni tofauti kabisa: unasikia pumzi ikivuja kama shhh ndani ya kila noti, noti za chini hazitaki kuanza, na unajikuta unauma kwa meno hadi taya zinauma. Vandoren 2½ ilinifanyia hivyo, ingawa si ridi mbaya. Mdomo wa klarineti wenye uwazi mkubwa kwenye ncha nao huchosha zaidi ukiuwekea ridi ngumu, kwa hiyo namba ya mwenzako huenda isikufae.

Sasa hapa ndipo penye utata. Ile Rico 2½ iliyonikaa vizuri nayo ilianza tabia za ridi laini. Sauti ikawa nyembamba, ya kunguruma kama nzi kwenye chupa, na C ya juu, ile ya mstari wa pili wa nyongeza, ikawa inashuka chini ya sauti yake. Nilipoeleza dukani, katikati ya jiji, muuzaji alikuwa na jibu tayari: "Umeiva wewe, chukua tatu." Mwalimu wangu hakukubali. "Weka mpya ya namba hiyohiyo kwanza," akaniambia.

Tulifanya hivi. Nilipuliza G ya wazi, ile isiyofunikwa tundu lolote, nikianza polepole nikiongeza nguvu, halafu nikapanda hadi C ya juu. Kwa ridi ya zamani, G ilishuka kadiri nilivyoongeza pumzi na C ikazimika. Kwa mpya kutoka boksi lilelile, zote mbili zilisimama. Namba haikuwa na kosa. Ridi ilikuwa imechoka. Kama mpya nayo ingelala, hapo ndipo ningefikiria kupanda. Ningepanda bila kulinganisha, ningeishia na ridi ngumu kuliko midomo yangu.

Mwalimu alinionyesha pia ya kutazama kwa macho. Inua ridi dirishani. Iliyo nzima hupitisha mwanga sawasawa kwenye ncha, na katikati kuna kivuli kinachopungua taratibu kuelekea juu. Yangu ilikuwa na madoa ya kijivu, na pembe moja imemeguka kipande kidogo kama punje ya mchanga. Kumeguka au kupasuka nchani hakuna dawa. Lakini ncha iliyojikunja mawimbi isikutishe. Ikikauka hufanya hivyo, na dakika moja au mbili kwenye maji huinyoosha.

Jaribio jingine napenda zaidi: ridi ikiwa imelowa na kufungwa mahali pake, ziba tundu la nyuma la mdomo wa klarineti kwa kiganja, fyonza hewa kupitia ncha, kisha ondoa midomo. Ikikaa kidogo ndipo ikafunguka kwa "pop", mgongo wake bado ni bapa. Ikiachia papo hapo, huenda mgongo umejipinda, au haijakaa sawa. Ifunge upya ujaribu tena kabla ya kuitupa.

Muda wa kuishi hauna kanuni. Kwa anayefanya mazoezi kila siku, wiki mbili hadi nne ni kawaida. Nazungusha ridi nne, na kila moja nimeiandikia tarehe ya kuanza kwa penseli kwenye upande wa ganda. Baada ya mazoezi naifuta na kuirudisha kwenye kifuko chake. Ikiachwa kwenye klarineti hujipinda na kushika ukungu, hasa mvua za Aprili.

Rico 2½ ndiyo nitakayoendelea nayo. Boksi la ridi kumi tunachangia na mwenzangu wa darasani. Zile za Vandoren zilizobaki nimezihifadhi, na mwalimu anasema tuzijaribu tena muhula ujao.