Kukaribia matuta: nyutro au ndani ya gia?

Ukikaribia matuta, ipi hula mafuta kidogo, kutia nyutro au kubaki ndani ya gia? Swali hili hupenda kuja kwenye mtihani wa udereva, na wengi hujibu nyutro. Tuseme watoka Malindi kwenda Mombasa kwa gari la gia za mkono, gia ya 5, kilomita 80 kwa saa, na mita kama 300 mbele waona matuta ya Gede.

Ukitia nyutro, injini haisukumwi tena na magurudumu, kwa hiyo lazima ichome petroli kidogo ili isizimike. Gari nalo linateleza tu, hivyo breki hubeba kazi yote.

Ukiondoa mguu kwenye mafuta na kubaki ndani ya gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwenye gari la nozeli za kompyuta, mafuta hukatwa kabisa mpaka mizunguko ya injini ishuke karibu na ya sailensi, yaani ya injini inayonguruma bila kukanyagwa mafuta; hapo hurudi, nawe wakanyaga klachi na kushusha gia. Gari la kabureta halikati hivyo.

Mtetezi wa nyutro ana hoja moja: gari hufika mbali zaidi kabla ya kupunguza mwendo. Ni kweli, lakini hapa wataka kupunguza.

Tofauti kwa tuta moja ni matone tu. Akiba kubwa iko kwa kuachia mafuta mapema, badala ya kukimbia hadi mwisho ukafunga breki. Kwenye mtihani, chagua gia.