Gemu ina kufuli baada ya kubadili PS4 kuu: usiifute gemu, fanya hivi kwanza

Wadau, karibuni. Leo kutoka hapa Arusha nachambua kitu ambacho duka halikuonyeshi wakati unanunua PS4: mfumo wake wa leseni za gemu za kudownlodi. Najua wengi mnaotazama mnatumia PS4 ya mtumba na akaunti mbili tatu ndani yake, ndiyo maana nimeona hili lina faida kwenu kuliko kupima tena ubora wa picha.

Tuanze na familia moja ya Njiro, hapahapa Arusha. Kaka mtu alinunua gemu zake zote kwa akaunti yake, na mdogo wake alikuwa anacheza kwenye mashine hiyohiyo kwa akaunti yake mwenyewe, na sevu zake mwenyewe. Haikuwa na shida kabisa. Kaka akahamia Moshi kikazi, akanunua PS4 nyingine. Alipotaka kuifanya mashine kuu ya akaunti yake, yaani Primary PS4, akakuta ile ya Arusha bado ndiyo iliyosajiliwa, na yeye yuko mbali nayo. Akaingia kwenye tovuti ya akaunti yake kwa simu, akafuta usajili wa mashine zote, kisha akasajili ile ya Moshi. Jioni yake mdogo anawasha, gemu zote zina alama ya kufuli. Gemu ipo kwenye hifadhi ya mashine, ujazo wake uleule, lakini ukibonyeza haifunguki.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoteza bando. Kufuli halina maana kwamba gemu imeharibika. Mafaili ya gemu ni kitu kimoja na leseni ni kitu kingine kidogo sana, ruhusa inayosema gemu hii ni ya akaunti fulani na inaruhusiwa kufunguka hapa. Ukifuta gemu na kuidownlodi upya, utamaliza makumi ya gigabaiti na kufuli litarudi palepale.

Ruhusa yenyewe inafanya kazi hivi. Akaunti moja inaweza kuwa na PS4 moja tu iliyo kuu. Kwenye mashine kuu, kila mtumiaji anacheza gemu za mwenye akaunti, hata intaneti ikikatika. Kwenye mashine nyingine yoyote, anayeruhusiwa ni mwenye akaunti peke yake, na lazima awe amelogini na intaneti ipo. Kwa hiyo kaka alipohamisha ukuu kwenda Moshi, mashine haikumnyang'anya yeye kitu. Aliyetolewa nje ni mdogo, kwa sababu alikuwa anacheza kwa mgongo wa ukuu ule.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Kwenye mashine yenye kufuli, washa intaneti, ingia kwa mtumiaji wa yule aliyenunua, fungua gemu. Ikifunguka, leseni ni nzima na tatizo ni ukuu tu. Isipofunguka hata kwake, nenda kwenye Library, sehemu ya Purchased, uangalie kama gemu imo. Hapa nawaomba muwe makini, kwa sababu wengi wetu tuna akaunti mbili zilizofunguliwa kwa nchi tofauti, na mtu anahangaika na akaunti isiyo yenyewe. Gemu inamfuata aliyeinunua. Isipokuwemo kwenye akaunti hii, ingia kwa ile nyingine.

Na mpigie mwenzako simu kabla ya kujaribu. Akaunti moja haikai kwenye PS4 mbili kwa wakati mmoja, ukilogini Arusha, anayecheza Moshi anatolewa.

Kwa ndugu hawa gemu ilifunguka kwa kaka, kwa hiyo dawa ilikuwa kurudisha ukuu Arusha. Kaka akiwa Moshi, kwenye mashine yenyewe, alipita hapa:

```
Settings → Account Management →
Activate as Your Primary PS4 → Deactivate
```

Angalieni kwamba safari hii ametumia mashine, hakurudi kwenye tovuti. Ile njia ya tovuti ya kufuta usajili wa mashine zote unaipata mara moja tu ndani ya miezi 6, na yeye alishaitumia. Angekuwa ameuza au kuibiwa ile ya Moshi, wangesubiri. Ndiyo sababu nasema tovuti iwekeeni akiba, itumike pale tu mashine haifikiki.

Baada ya hapo mdogo akaingia kwa mtumiaji wa kaka kule Arusha, akapita njia ileile na kuchagua Activate. Gemu nyingi zilifunguka hapohapo, chache zikabaki na kufuli. Hapo ndipo inapofika zamu ya kurejesha leseni:

```
Settings → Account Management →
Restore Licenses → Restore
```

Kwa kitendo hiki mashine inauliza upya orodha ya leseni za akaunti iliyologini, na ya hiyo tu. Mdogo angekifanya akiwa kwenye mtumiaji wake, kisingegusa gemu ya kaka hata moja. Sevu hazifutwi, gemu haidownlodiwi upya, na hotspoti ya simu inatosha. Ila kama unatumia bando dogo, zima kwanza Automatic Downloads kwenye Settings, sehemu ya System, la sivyo mashine ikishapata mtandao itaanza kuvuta apdeti za gemu.

Mkiwa na PS5, mnachotafuta kinaitwa Console Sharing and Offline Play, na kipo Settings, Users and Accounts, kisha Other. Restore Licenses ipo hapohapo.

Kosa ninaloliogopa zaidi ya mengine yote ni la kumfuta mtumiaji ili umwongeze upya. Ukimfuta mtumiaji kwenye PS4, sevu zake zilizo kwenye mashine zinaondoka naye. Msifanye hivyo kwa sababu ya kufuli.

Kuna kufuli ambalo kurejesha leseni hakuliondoi. Gemu mlizochukua kwa PlayStation Plus zinafungwa muda wa Plus mliolipia ukiisha, na zitafunguka mkilipia tena. Hapo msibadilishe ukuu, mtavuruga vilivyo vizima.

Hukumu yangu kuhusu mfumo huu: naupenda kwa kugawana. Sasa hivi mdogo anacheza Arusha kwa akaunti yake, kaka anacheza gemu ileile Moshi kwa muda huohuo, na wamenunua moja. Lakini kufuli lenyewe nalilaumu, kwa sababu halisemi ni la nani wala limekuja kwa nini, mtu anaachwa akisie. Na kaka inabidi awe na intaneti kila anapocheza. Kama mtandao wa upande mmoja ni wa kusuasua, ukuu uwekeni upande huo, mradi anayebaki bila ukuu awe ni mwenye akaunti mwenyewe.

Kwa mnaonunua mtumba: muuzaji akikwambia mashine inakuja na gemu ishirini ndani, muulize ni za diski za kuingiza au ziko kwenye akaunti yake. Zikiwa kwenye akaunti yake, siku atakayohamisha ukuu zitapata kufuli, na Restore Licenses haitakusaidia, kwa kuwa leseni si zako. Lipia mashine kwa bei ya mashine tupu, na umwambie afute usajili wake mbele yako kabla hujatoa hela.