Zamu ya kwanza au ya mwisho kwenye chama?

Tuseme chama cha Umoja kina watu 12, kila mmoja akitoa 5,000 kwa mwezi. Kila mwezi mmoja hupokea zamu yake ya 60,000, na michango ni ile ile kwa wote. Tofauti ni tarehe tu.

Anayepokea mwezi wa kwanza ana 60,000 kamili. Wa mwisho hungoja miezi 11. Kama pesa yako ingezaa asilimia 1 kwa mwezi, gawa 60,000 kwa 1.01 mara 11 mfululizo: thamani ya sasa ni kama 53,780. Kama unadaiwa mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi, inashuka hadi kama 43,350. Mwenye deni au mzigo wa kununua sokoni Gikomba apiganie zamu ya mapema.

Wa mwisho pia hubeba hatari: waliokwisha kupokea wakitoroka, hasara ni yake.

Hata hivyo, hesabu hiyo hudhani pesa itafanyiwa kazi. Kama 60,000 ya Januari itayeyuka kwa matumizi madogo madogo, na karo yako ni ya Desemba, zamu ya mwisho inakufaa, mradi wanachama wanaaminika.