Imenasa vidole vyangu, ikaniita mwizi

Programu hii ya kurekodi uandishi nimeitumia karibu muhula mzima, kwa kuwa mhadhiri alishatangaza kwamba insha isiyo na rekodi haisahihishwi. Mwanzoni ningeipa nyota tatu.

Insha ya mwisho niliiandika kwanza kwa kalamu. Ndivyo ninavyofikiri: nakata sentensi, nachora mishale, nahamisha aya. Ikishaiva ndipo naichapa. Sasa, programu hailioni daftari. Inachonasa ni kila kitufe kinapobonyezwa na kinapoachiwa, kwa milisekunde, kisha inachora mapumziko, ufutaji na matini yaliyobandikwa. Kwangu ikaona mtu aliyechapa mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho, akisahihisha herufi tu, bila kuhamisha aya wala kusita kabla ya sentensi mpya. Ikaweka alama nyekundu: huenda kazi imenakiliwa. Ndiyo, imenakiliwa, kutoka daftari langu! Anayechapa rasimu yake na anayechapa rasimu ya mwenzake huacha rekodi zinazofanana.

Nikampelekea mhadhiri daftari. Hakulifungua.

"Mchoro unaonyesha hukufikiri," akasema.

"Mwalimu, nilifikiria hapa, kwenye karatasi."

Akawasha marudio, tukaitazama insha ikijiandika upya. Katikati ya aya ya pili yakajitokeza maneno niliyokuwa namjibu dada yangu kuhusu ugonjwa wa mama. Yaliangukia dirisha la insha badala ya la ujumbe, nikayafuta papo hapo. Kwenye insha hayamo, kwenye rekodi yamo yote, na mhadhiri akayasoma mbele yangu. Ingekuwa nywila, nayo angeisoma. Hilo ndilo siwezi kulisamehe.

Na si maneno tu. Muda unaopita kati ya kitufe na kitufe unaweza kutumika kumtambulisha mtu. Nywila ikivuja utaibadilisha. Mwendo wa vidole vyako utaubadilishaje?

Tena programu hii haimsumbui mdanganyifu. Programu nyingine ndogo ya kompyuta inaweza kumchapia maandishi ya mtu mwingine herufi kwa herufi, ikisita kwa vipindi visivyolingana, ikikosea na kufuta. Au aketi tu mbele ya skrini mbili, anakili polepole na kubadilisha neno hapa na pale. Huyo anaweza kupata alama ya kijani.

Niseme haki: mwanafunzi mwenzangu aliyeshukiwa aliokolewa na historia ya matoleo ya hati yake. Yeye huandika moja kwa moja kwenye kompyuta, na aliitoa mwenyewe, kwa hiari, sehemu aliyotaka ionekane. Kwa matumizi ya namna hiyo sina ugomvi. Lakini kulazimishwa kurekodiwa kila kitufe, kisha ushahidi wa karatasi ukataliwe? Hizo nyota tatu nazifuta zote.

Nimewaandikia wenye programu wafute rekodi zangu. Wanasema rekodi ni za chuo. Chuo kinasema niwaulize wenye programu. Nitaendelea kuandika barua kwa wote wawili mpaka zifutwe.